Nembo imetoka, mkunjo umebaki: kumbukumbu ya fulana ya kijivu

Hatimaye imekubali: nembo imetoka kwenye picha bila kuharibu mkunjo wa kitambaa. Picha ni ya mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, amevaa fulana ya kijivu iliyopauka, na kifuani pana nembo nyeupe ya kuchapwa. Mkunjo mkubwa unashuka kutoka begani, unaingia kwenye nembo upande wa juu na kutokea upande wa chini. Nembo ingekaa mahali palipo tambarare, dakika chache za Healing Brush zingetosha. Huo mkunjo ndio uliogoma.

Mpango wa awali ulikuwa ule tunaoujua wote: kutenganisha tabaka mbili, moja la mwanga na rangi, jingine la nyuzi, kisha kupaka upya lile la mwanga na rangi. Shida ni kwamba ukifuta nembo unafuta na kivuli kilichokuwa juu yake, halafu unalazimika kukichora mkunjo kwa mkono. Mkunjo wa kuchora hujulikana hata kwa mbali. Mteremko wake unakuwa laini mno, na pale unapokutana na mkunjo halisi nje ya nembo unavunjika kidogo, kama bomba lililoungwa vibaya.

Hapo ndipo wazo jingine lilipoingia na mpango wa kwanza ukawekwa kando. Wino mweupe umelala juu ya kitambaa kilekile, unapigwa na mwanga uleule, na unakunjika kitambaa kinapokunjika. Maana yake mkunjo halisi umo ndani ya nembo tayari, ila umeandikwa kwa rangi nyeupe. Kwa hiyo nembo haihitaji kufutwa. Inahitaji kutiwa giza mpaka ilingane na fulana.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua Color Picker, washa Sample average ili nyuzi moja moja zisikudanganye, kisha pima sehemu mbili zilizo jirani, moja ndani ya nembo na nyingine nje tu ya ukingo wake, zote zikiwa kwenye mwanga mmoja. Kwa mpangilio wa nyekundu, kijani na bluu, kwenye picha hii nembo ilisoma 220, 220, 216 na fulana 118, 121, 128. Gawa fulana kwa nembo, zidisha kwa 255, unapata 137, 140, 151. Jaza tabaka jipya kwa rangi hiyo, liweke kwenye hali ya Multiply inayozidisha rangi zake na za picha iliyo chini, na lifunike kwa maski yenye umbo la nembo. Papo hapo nembo inazama ndani ya kitambaa, na mkunjo unapita juu yake bila kukatika.

Inazama, lakini haipotei. Na hapa ndipo kazi yote ilipokwama: eneo la nembo lilibaki bapa. Mgongo wa mkunjo ulikuwa hafifu na bonde lake halikuwa na giza la kutosha. Kwa chaneli nyekundu peke yake, Multiply ilitoa 129 kwenye mgongo wakati kitambaa cha pembeni kinasoma 138, na kwenye bonde ikatoa 63 badala ya 57. Tofauti ya 9 hapa na 6 pale inasikika ndogo, lakini kwenye kitambaa cha rangi moja jicho linaona kivuli cha nembo kikielea kifuani.

Sababu iko kwenye kamera. Inapotengeneza JPEG haiuachi mwanga ulivyo. Hubana sehemu angavu sana zisiungue na huongeza giza kwenye vivuli. Nembo nyeupe iko juu kabisa, kwenye eneo lililobanwa, na fulana iko katikati ambako hakuna kubanwa. Kwa hiyo uwiano wa nembo na fulana haufanani kuanzia mgongoni hadi bondeni, na Multiply inajua uwiano mmoja tu.

Dawa ni kuacha Multiply na kutumia Curves, mstari unaogeuza kila kiwango cha mwanga kuwa kingine, kwa maski ileile, ukipima jozi tatu badala ya moja: mgongo wa mkunjo, sehemu ya wastani, na bonde. Kila jozi ichukuliwe pale mkunjo unapovuka ukingo wa nembo, hatua chache za pikseli ndani na nje, kwa sababu ukiufuata mkunjo kwa urefu wake mwanga haubadiliki sana. Chaneli nyekundu ilikuwa hivi:

```
bonde    118 -> 57
wastani  220 -> 118
mgongo   240 -> 138
ncha     255 -> 155
```

Ncha ya juu nimeiweka kwa makusudi, la sivyo mstari unajipinda wenyewe kupita mgongo na kuacha madoa meupe. Rudia kwa kijani na bluu, ukipima pale pale ulipopimia nyekundu. Ukibadilisha sehemu kati ya chaneli moja na nyingine, kivuli kinageuka zambarau au kijani. Kama una faili ghafi, ifungue kwa mpangilio wa Neutral kwenye RawTherapee na ufanye kazi kwenye biti 16, na hapo hata Multiply yenyewe itakaribia sana.

Kuhusu programu: hii ni kazi ya kurekebisha mara nyingi, kwa hiyo usitumie Curves inayojichoma moja kwa moja kwenye picha. Photoshop ina tabaka zake za marekebisho, Krita inazo pia, na GIMP 3.0 iliyotoka mwaka 2025 sasa inaruhusu kichujio kifunguliwe tena. Kwa GIMP ya zamani, kila pointi ilikuwa kuanza upya, na kwa kazi hii hiyo ni adhabu.

Yanabaki mambo mawili. Ukingo wa nembo una pikseli mchanganyiko, nusu wino nusu kitambaa, kwa hiyo unabaki mstari mwembamba. Upake kwa Clone kwenye tabaka tupu, brashi ya pikseli 6 hadi 10, ukichukua chanzo kwa kufuata urefu wa mkunjo na si kuukata. Pili, wino huziba nyuzi, hivyo eneo linakuwa laini kuliko jirani yake. Hapa ndipo tabaka la nyuzi la mpango wa kwanza linapata kazi: fifisha nakala ya picha mpaka nyuzi zipotee lakini mikunjo ibaki, iondoe kwenye picha kwa hali ya Grain extract zibaki nyuzi tu, kata kipande cha kitambaa safi, kizungushe nyuzi zielekee upande mmoja, kisha kirudishe kwa Grain merge.

Ili kuhakiki, weka juu kabisa Curves yenye mstari mkali wa kupanda na kushuka. Doa lolote lililojificha litajitokeza. Ukimaliza, lifute tabaka hilo.

Njia hii ina mipaka. Wino uliosoma 255 hauna mkunjo ndani yake, hapo utachora tu. Nembo ya kudariziwa ina nyuzi na kivuli chake yenyewe, haifai. Nembo nyeusi kwenye fulana nyeupe itabidi iangazwe sana, na chengachenga zitafurika.

Nilikusudia pia kubadilisha kijivu chenyewe, na hesabu ni ileile. Hue-Saturation haisaidii kwa sababu kijivu karibu hakina rangi ya kuzungushwa. Kutoka 118, 121, 128 kwenda kijani cha 40, 92, 70, Multiply ni 86, 194, 139, na mikunjo yote inabaki. Kilichobaki ni kidevu: fulana ya kijani ingerudisha kijani kidogo chini ya taya, na ya kijivu haikufanya hivyo. Ninajaribu brashi laini ya kijani kwenye hali ya Soft light, Opacity ya asilimia 5 hadi 8, chini ya taya tu.