Jinsi nilivyochagua televisheni ya kuingia kabatini
Nafasi ya televisheni katika kabati letu la sebuleni ina upana wa sentimita 105, na muuzaji alisisitiza kwamba ya inchi 50 ingeingia bila shida. Inchi hizo, hata hivyo, hupimwa kimshazari, kutoka kona hadi kona ya kioo. Kwa kuwa kioo kilikuwa cha uwiano wa 16:9, nilizidisha inchi kwa 2.214 ili kupata upana kwa sentimita, na kwa 1.245 ili kupata kimo. Inchi 50 zilitoa upana wa 110.7, kwa hiyo haingii. Inchi 43 zilitoa 95.2 kwa 53.5. Nikiongeza sentimita mbili za fremu, hubaki karibu nne kila upande, zinazotosha hewa na nyaya. Kimo cha miguu hupimwa peke yake.