Siku moja maishani mwangu: sabini, au sabini na wawili?

Saa 11 alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani ilinikuta nimeshakaa kitandani, nahesabu bahasha. Ya zamu, ya mistari, ya kengele, ya akiba, na ile nyembamba niliyoiandika SARE kwa wino mwekundu. Zote zimefungwa kwa gundi, na mimi na mzee wetu wa kanisa tumesaini juu ya mkunjo. Shuleni hapa Masasi nafundisha kemia, ila Jumamosi moja kila mwaka huwa mwandaaji wa shindano la Biblia la shule za sekondari. Mwaka huu shule sita, kitabu kimoja: Injili ya Luka, sura zote 24.

Mama watoto aliniwekea chai na ming'oko ya kuchemsha. Nilikula nikiwa nimesimama.

Saa 1 asubuhi

Vijana wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, walikuwa wameshapanga meza sita kwa umbo la nusu duara. Kila meza ina viti vitatu, na mchezaji wa akiba anakaa nyuma. Mimi nilikuwa na shida na kengele.

Vile vitufe vya umeme vyenye taa hatuna, na hata tungekuwa navyo, umeme ungekatika katikati ya swali. Tunatumia kengele za baiskeli, nimezinunua kwa fundi, kila moja imefungwa kwa waya kwenye kipande cha mbao. Sita zikilia karibu pamoja, sikio la mtu haliwezi kusema ipi imetangulia. Kwa hiyo tunaweka watazamaji wawili, mmoja kila mwisho wa nusu duara, ambao hawasikilizi swali kabisa. Kazi yao ni kutazama vidole tu. Na kila meza ina alama ya chaki, upana wa kiganja kutoka kwenye kengele: mkono unakaa hapo mpaka msomaji aanze kusoma. Mwaka juzi hatukuwa na alama ile, na kijana mmoja alikaa na kidole gumba juu ya kengele muda wote kama dereva wa daladala.

Kengele ya meza ya nne ilikuwa imekwama. Tone la mafuta ya kula likaimaliza shida.

Saa 3 asubuhi

Tulipaswa kuanza. Gari la watoto wa Newala lilikuwa bado linateremka kutoka kwenye uwanda wa Makonde, wakafika saa 4 kasoro robo wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Waliponipa shikamoo nikawaitikia marahaba huku nikiwaelekeza kwenye bomba la maji.

Kuchelewa kwao kulinipa nafasi ya kusoma kanuni polepole mbele ya wote. Niliyoyasisitiza ni mawili. Kwanza, rufaa: nahodha peke yake ndiye anayenyoosha mkono, na anyooshe kabla msomaji hajaanza swali linalofuata. Likishaanza, lililopita limezikwa. Pili, walimu na mashabiki hawakati rufaa. Mtu akiropoka jibu ukumbini, swali linafutwa na tunachukua jingine kwenye bahasha ya akiba.

Kulikuwa na jambo la tatu nililopaswa kulisema, sikulisema. Nitalifikia.

Saa 4 asubuhi

Duru ya zamu. Kila meza inapata maswali manne, sekunde 20 kila moja, alama 10. Ikikosa, swali linahamia meza inayofuata kwa alama 5, na likikosewa tena hapo linakufa.

Kanuni hii inaonekana ya haki mpaka uiendeshe mara moja. Aliyekaa baada ya meza dhaifu anaokota alama 5 kila mara bila jasho, na aliyekaa baada ya meza kali hapati kitu. Kura ya viti ndiyo inayompa ushindi. Dawa yetu ni kugeuza mwelekeo: maswali mawili ya kwanza yanahamia kulia, mawili ya mwisho yanahamia kushoto. Haiondoi bahati yote, lakini walau kila meza ina majirani wawili badala ya mmoja.

Alama zinaandikwa na watu wawili waliokaa mbali, kila mmoja na karatasi yake. Baada ya kila duru wanalinganisha, ndipo tunaandika ubaoni. Leo walitofautiana mara moja, alama 5 za meza ya tatu, na tukazipata kabla ya mtu kuanza kulalamika.

Duru ya mistari ilipita haraka. Msomaji anaanza mstari, meza inaumalizia, mistari miwili kila meza, alama 10 kila mmoja. Hapa tulikuwa tumekubaliana kwamba waamuzi wakubali tafsiri yoyote ya Kiswahili mradi maneno yafuatane. Kumbukeni hilo.

Saa 7 mchana

Wali maharage. Sista aliye kwenye jopo la waamuzi aliniuliza maswali ya kengele nimeyaandika mwenyewe? Nikamjibu ndiyo, kwa kujidai kidogo.

Saa 8 mchana

Kengele ndiyo duru wanayoipenda watazamaji, na ndiyo ngumu kuiandikia maswali. Kanuni: ukipiga, msomaji ananyamaza palepale, hata katikati ya neno. Ukipata, 10. Ukikosa unakatwa 5, swali linasomwa lote kwa meza zilizobaki. Maswali ni 12.

Kila swali lina neno ambalo, likishatamkwa, jibu limebaki moja tu. Kwenye kadi zangu nalipigia mstari. Swali likiwa na neno hilo mapema mno ("Aliyepanda mkuyu...") linageuka mashindano ya vidole, si ya Luka. Likiwa nalo mwishoni, anayekurupuka anaadhibiwa. Leo swali la tatu lilisema: "Mwanamke aliyeugua miaka 12 aligusa nini cha Yesu?" Meza ya kwanza walipiga kwenye "12" na kujibu "kutokwa na damu." Kweli ndio uliokuwa ugonjwa wake, lakini swali lilitaka pindo la vazi. Wakakatwa 5, na msichana aliyepiga akajifunika uso kwa Biblia yake.

Mpaka swali la kumi linaisha, meza ya pili na meza ya tano zilikuwa na 70 kila moja. Wengine walikuwa mbali.

Swali la 11: "Zaidi ya wale Thenashara, Bwana aliweka wengine wangapi, akawatuma wawili wawili wamtangulie?"

Meza ya tano walipiga. Nahodha wao, mvulana mrefu mwenye sauti ya chini, akasema: "Sabini na wawili."

Kadi yangu ilisema sabini. Nikasema si sahihi, wakashuka mpaka 65. Meza ya pili wakapiga, wakasema sabini, wakapanda mpaka 80. Ukumbi ukalipuka. Nikashika kadi ya swali la 12, na kabla sijafungua mdomo nikauona mkono wa yule mvulana uko juu.

"Mwalimu, naomba rufaa. Luka 10:1. Sisi tumesoma Habari Njema."

Sikuhitaji kufungua. Nilihisi tumbo likishuka. Union Version ya 1952, ambayo nimelelewa nayo na ndiyo niliyoandikia kila kadi, inasema sabini. Biblia Habari Njema inasema sabini na wawili. Mchungaji mstaafu, mwamuzi mkuu, aliueleza ukumbi kwa utulivu kwamba hati za kale za Kigiriki zenyewe hazikubaliani hapo, nyingine zina sabini, nyingine sabini na wawili, na watafsiri walifuata hati tofauti. Mtoto hajakosea. Na barua yangu ya mwaliko ilisema tu: "Biblia ya Kiswahili."

Kinachoniuma ni kwamba mtego wa aina hii naufahamu. Wiki mbili kabla nililitupa swali la umbali wa Emau, kwa sababu Union inasema mwendo wa saa mbili na Habari Njema inataja kilomita 11. Nililiona lile, hili nikalipita.

Waamuzi watatu wakatoka nje, chini ya mwembe. Njia zilikuwa tatu, na hesabu ya kila moja ilikuwa tofauti. Kuacha hukumu yangu: meza ya pili 80, ya tano 65. Kulifuta swali: 70 kwa 70. Kukubali jibu: meza ya tano 80, na meza ya pili warudi 70, kwa kuwa swali lilipaswa kuishia kwa aliyepiga kwanza na kupata. Nilimwomba kijana afunike ubao kwa khanga ili wakirudi wasiuone. Ya nini waamue huku macho yako kwenye alama?

Walikubali jibu. Mwalimu wa meza ya pili alisimama, akakumbuka kanuni, akakaa. Ila uso wake haukukaa.

Swali la 12 meza ya pili walilipata. 80 kwa 80.

Saa 9 na nusu alasiri

Nikaichana bahasha nyembamba. Sare hatuivunji kwa kengele, kwa sababu hapo anayeshinda ni mwenye kidole chepesi, wala kwa zamu, kwa sababu wa pili kujibu anajua tayari anahitaji nini. Kila meza inapewa kibao na chaki, swali linasomwa mara mbili, sekunde 15, wote wanageuza vibao pamoja. Maswali matatu, na wakiwa bado sawa, swali moja moja mpaka mmoja akosee peke yake. Na safari hii Sista alikuwa ameketi kando yangu, anapitia kila kadi kwenye tafsiri zote mbili kabla sijaisoma.

Nabii Ana alikuwa wa kabila gani? Asheri, Asheri. Mume wa Yoana aliitwa nani? Kuza, Kuza. Ni nani kati ya wale wawili wa njia ya Emau aliyetajwa jina? Kleopa, Kleopa.

La nne: "Mwanamke aliyepinda mgongo alikuwa na pepo wa udhaifu kwa miaka mingapi?"

Nilisikia chaki zikikwaruza. Upande wa meza ya pili mtu alifuta kwa kiganja, akaandika upya. Vibao vikageuka. Meza ya tano: 18. Meza ya pili: 12, na chini ya ile 2, kwenye vumbi la chaki, ungeweza kuiona vizuri 8 iliyofutwa.

Saa 2 usiku

Mwalimu wa meza ya pili aliondoka bila kuniaga. Amenitumia ujumbe kwamba shule yake itaandika barua, nami nimemjibu kwamba ana haki ya kuandika na kwamba kosa la mwaliko ni langu.

Kisha nimefungua daftari la kanuni, nikafuta "Biblia ya Kiswahili." Nimeandika: "Maswali yatatungwa kwa Union Version. Swali lolote lenye idadi, umbali au jina litalinganishwa na Habari Njema kabla ya kuingia kwenye bahasha, na zikitofautiana, litatupwa." Nikaanza kuzipitia kadi za akiba ambazo hazikutumika. Mpaka sasa nimezitupa mbili.