Daftari la siku lililomsaidia mdogo wangu kuachana na mirungi

Mdogo wangu ni dereva wa roli, njia ya Dodoma, Singida hadi Mwanza. Mirungi alianza kuitafuna barabarani ili usingizi usimkamate, baadaye akawa anaitafuna hata siku ambazo hana safari. Naandika haya kwa sababu mwaka ule nilipewa ushauri mbovu sana, na bado unaniuma.

Alianza kwa kusema kuna bodaboda anamfuata tangu Manyoni. Usiku wa tatu hakulala kabisa, akawa anasikia jina lake likitajwa nyuma ya ukuta wa nyumba yetu hapa Chang'ombe. Majirani wakasema karogwa. Kwa mganga tuliacha mbuzi na kama laki na nusu hivi, naye mgonjwa alikuwa na fungu mfukoni muda wote huo. Hakuna aliyemuuliza anatafuna nini. Nyumbani nasi tulinyamaza, maana mirungi imekatazwa kisheria na tuliogopa polisi.

Mwishowe tulimpeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Ametafuna lini mara ya mwisho, na kiasi gani?" Akanieleza kwamba kwenye jani bichi mna kathinoni, kemikali inayoamsha ubongo kwa kumwaga dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hamasa. Jani likikauka nguvu hiyo hupungua, ndiyo maana wauzaji hulifunga kwa majani ya mgomba na kukimbizana na muda. Mtu akila nyingi huku halali, anaweza kuingiwa na hofu za kufuatwa na kusikia sauti. "Kama chanzo ni mirungi tu, mengi hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili akiacha," alisema. "Yakizidi mwezi bila jani hata moja, tutatafuta ugonjwa mwingine. Kwa hiyo dada, nihesabie siku."

Nikanunua daftari. Kila asubuhi niliandika siku ya ngapi bila jani, amelala kwa saa ngapi, na kama amesikia sauti.

Siku ya 5 sauti zilikatika, nami nikaona tumemaliza, nikaliweka daftari kabatini. Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Alilala mchana kutwa, akawa anakula sana, anaota ndoto mbaya, hasemi na mtu. Nilimwita mvivu. Siku ya 9 alimwambia mama kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Tulirudi hospitali siku ileile. Muuguzi alimuuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama anafikiria kujiua na kama amepanga namna. Alikiri kufikiria, ila hakuwa amepanga. Tulitoa sumu ya panya na kamba zote nyumbani, na mimi nikahamishia godoro langu chumbani kwake. Wiki ya tatu ndipo alipoanza kuongea tena. Kumbe ule mnyong'onyeo huja mwili unapokosa jani, na usipoujua utamrudisha mtu kijiweni kwa maneno yako mwenyewe.

Kikwazo kingine kilitoka kwenye dawa. Haloperidoli, aliyopewa kutuliza zile sauti na hofu, ilimkaza shingo na kumfanya atembee kama mzee. Usiku mmoja akatoroka, akatafuna. "Nikila nalegea, dada," aliniambia. Nilitaka kumfokea, lakini nikaenda naye kliniki na daftari letu. Daktari hakushangaa, kwani dawa ile huzuia dopamini na mirungi huimwaga. Alipunguza dozi, akaongeza benzheksoli ya kulegeza ule mkazo. Hesabu ikaanza upya.

Siku hiyo walimhoji kwa dodoso la Shirika la Afya Duniani linalopima matumizi ya vilevi. Alama 4 hadi 26, mazungumzo mafupi huweza kutosha. Yeye alipata 29, hivyo akapangiwa kurudi kila wiki. Mazungumzo yenyewe hayakufika robo saa. Muuguzi alimuuliza: "Kutoka 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako?" Akajibu 4. Nilisubiri mahubiri. Muuguzi akauliza tu: "Kwa nini hukusema 1?" Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu, akatazama mikono yake. "Binti yangu ananikimbia nikirudi safari," alisema. Miezi yote niliyomhubiria sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kisha wakapanga wawili wao, mimi nikisikiliza: asisimame tena pale Manyoni anaponunulia, na amwombe tajiri ampe safari za mchana. Tajiri alikubali, ingawa posho ilipungua.

Sasa daftari analijaza mwenyewe. Mwezi wa saba alikwenda msibani, akarudi alfajiri. Nilipolifungua nikakuta mwandiko wake: siku 0, usingizi saa 2, sauti hakuna, Jumatatu naenda kliniki.