Tulivyoandika majibu ya usiku

Mwaka 2023, nikiwa bado muuguzi wa afya ya akili hapa Mwanza, alinijia binti aliyekuwa akisimamia ukurasa wa Fesibuku wa redio moja ya mjini. Mama yake tulikuwa tukisali naye, na ndiye aliyemwelekeza kwangu Nyakato Jumapili moja baada ya ibada. Aliniamkia, akakaa, na kabla chai haijafika mezani alikuwa amekwisha kunikabidhi karatasi yenye sentensi tatu: "Asante kwa maoni yako. Tunasikitika kusikia unapitia wakati mgumu. Tafadhali muone mtaalamu aliye karibu nawe." Hayo ndiyo majibu aliyokuwa amepewa ofisini kwa ajili ya kila maoni ya kutisha, awe mwandishi wake anatishia kumkata mtu panga, anamtukana mtangazaji wa kike, au anasema hataki tena kuishi.

Kilichomleta ni jambo la wiki iliyotangulia. Chini ya habari ya bei ya dagaa, mwanamume mmoja alikuwa ameandika karibu saa tano usiku kwamba amechoka na madeni, kwamba usiku ule anamaliza, na kwamba aliye karibu na wanawe awaangalie. Watu wakacheka. Mmoja akamwambia afanye haraka. Binti akabandika zile sentensi tatu, kisha mkubwa wake akampigia simu na kumwamuru afute mazungumzo yote ili redio isiingizwe katika kesi. Mtu yule alipona kwa sababu ndugu yake alikuwa ameoneshwa maoni hayo na rafiki kabla hayajafutwa, akatoka usiku ule ule kumfuata. Binti aliniambia, "Mama, mimi sikujua hata nianzie wapi. Naomba uniandikie maneno." Nilimjibu kwamba tutayaandika pamoja, kwa kuwa atakayeyatumia ni yeye, akiwa peke yake, usingizi umemjaa na mikono inatetemeka.

Hatukuanza na maneno. Tulianza na swali la muda: jambo hili linaweza kusubiri hadi lini? Ofisini kwao maoni yalipangwa kwa ukali wa lugha, na hilo ndilo lililokuwa likiwapotosha, maana matusi makali kabisa mara nyingi hayana hatari ya usiku huo, ilhali sentensi ya upole kama ya yule baba inaweza kuwa ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo tukapata mafungu matatu, ambayo binti mwenyewe aliyapa majina: ya sasa hivi, ya leo, na ya kesho asubuhi. Kinacholiingiza jambo katika fungu la sasa hivi ni umahususi wake. Mtu akiandika "maisha magumu, bora kufa", hilo ni la leo, ajibiwe na binadamu kabla siku haijaisha. Akitaja wakati, akiaga, akikabidhi watoto au mali, au akieleza njia aliyoichagua, hilo haliachwi hata kwa muda wa kunywa chai. Vitisho tulivipima hivyo hivyo: "utanitambua" ni tofauti na kumtaja mtu, mtaa anaoishi, saa anayorudi nyumbani na kitakachompata. Kejeli na matusi yalibaki ya kesho, isipokuwa pale mtu anapoanika namba ya simu, picha ya nyumba au shule ya mtoto wa mwenzake. Hapo yanahama fungu, kwa sababu sasa mgeni yeyote anaweza kufika mlangoni.

Kisha tukachukua yale maoni ya yule baba na kuyatumia kama kipimo cha kila sentensi tuliyoiandika. Swali la kwanza lilikuwa kuhusu kufuta. Maoni yakifutwa, aliyeyaandika hupata ujumbe mmoja tu, nao ni kwamba hata hapa hatakiwi. Na msimamizi naye hupoteza njia ya kumfikia. Kwenye Fesibuku kuna kuficha: maoni yaliyofichwa huendelea kuonekana kwa mwandishi wake na kwa marafiki zake, lakini wapita njia hawayaoni. Tukaandika kwamba kwanza ipigwe picha ya skrini ikionesha jina la akaunti, tarehe na saa, pili majibu ya wanaomcheka yafichwe, na tatu maoni yake mwenyewe yabaki mpaka amekwisha kujibiwa. Marafiki ni watu wa kuachiwa waone. Ndugu yake alifika kwa njia hiyo.

Jibu la hadharani tulilifanya fupi kwa makusudi: "Kaka, nimeusoma ujumbe wako na nimeuchukulia kwa uzito. Mimi ni mtu, ninasimamia ukurasa huu usiku wa leo, na nimekuandikia inboksi sasa hivi." Binti alitaka kuongeza mstari wa Biblia, na pia ukumbusho kwamba watoto wanamhitaji baba yao. Nilimkatalia yote mawili. Mtu aliyefika hapo mara nyingi anaamini kwamba watoto watakuwa na nafuu bila yeye, na ukimtajia watoto kama lawama unamwongezea hoja. Mstari wa Maandiko, hata ukiwa mzuri namna gani, ukiwekwa mbele ya watu mia unageuka mahubiri kwa wale watu mia.

Inboksi ndiko tulikokaa hadi jua likaelekea kuzama. Sentensi ya kwanza ilipaswa kurudia maneno yake mwenyewe, si maneno yetu: "Umeandika kwamba usiku huu unamaliza." Ya pili ilikuwa swali la moja kwa moja: "Je, unafikiria kujiua?" Binti aliinua macho akasema, "Mama, si nitakuwa nimemtia wazo?" Hofu hiyo ninaifahamu, hata wauguzi wapya huja nayo wodini. Lakini utafiti uliofanywa kwa miaka mingi haujaonesha kwamba kumuuliza mtu kunampandikizia wazo, na katika kazi yangu nimeona wengi wakishusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu amethubutu kulitaja. Kuuliza kwa kuzungukazunguka, mathalani "hufikirii mambo mabaya, sivyo?", kunamwelekeza ajibu hapana.

Akijibu ndiyo, yanafuata maswali matatu, moja moja, kila moja likingoja jibu lake: uko wapi sasa na uko na nani, je, ulichopanga kukitumia kipo karibu nawe, nani ungependa aje kukaa nawe usiku huu. Kwenye swali la pili tuliandika onyo kwa msimamizi kwamba asiulize namna wala kiasi, wala asiyanakili majibu hayo popote pa wazi. Anachohitaji kujua ni kama kitu kipo, ili amwombe akisogeze mbali au atoke mahali pale aende kwa jirani. La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu msimamizi aliyeko Kirumba hawezi kumshika mkono mtu aliyeko Mkolani, ila shemeji yake anaweza. Kazi ya andiko lote ni kumfikisha mtu kwa mtu mwingine wa mwili na damu, ambaye atampeleka Bugando au Sekou Toure akihitaji hospitali, kisha msimamizi anajitoa. Ahadi moja tuliipiga marufuku: "Sitamwambia mtu yeyote." Mahali pake tuliweka, "Nitamwambia mtu mmoja tu atakayesaidia, na nitakuambia ni nani."

Kwenye polisi tulibishana. Binti alikuwa ameandika 112 kuwa hatua ya kwanza. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu aliyekwisha kukata tamaa akisikia polisi wanakuja anaweza kufunga simu au kuharakisha. Lakini pia kuna usiku ambao hakuna ndugu anayejulikana, mtu amekwisha kuanza, na polisi ndio wenye gari. Tulikubaliana kwamba watangulie ndugu, jirani au mwenyekiti wa mtaa, na 112 ipigwe pale ambapo hao hawapatikani au tendo limekwisha kuanza, na anayepiga aseme waziwazi kwamba ni mgonjwa anayehitaji kufikishwa hospitali. Kwa mtoto, namba ni 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi. Sikuridhika kabisa na mpangilio huo na sijaridhika hadi leo, ila sikuona ulio bora zaidi.

Vitisho tulivimaliza kwa haraka zaidi, kwa kuwa humo kanuni ni chache. Anayetisha hajibiwi kabisa, kwani jibu lolote humpa jukwaa. Ushahidi unahifadhiwa kwanza pamoja na kiungo cha maoni, ndipo yanafichwa. Anayeandikiwa ni aliyetishwa, na asiandikiwe "usijali", bali aelezwe kilichosemwa, saa kilipoonekana, kwamba nakala imehifadhiwa, na kwamba akitaka kwenda polisi redio itampatia nakala hiyo. Nilimweleza binti kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa namna hii katika kifungu cha 23, na kwamba mwanamke au mtoto anaweza kuanzia Dawati la Jinsia na Watoto. Uamuzi wa kwenda tuliuacha kwa mhusika, isipokuwa akiwa mtoto au hatari ikiwa ya sasa hivi. Mtangazaji mmoja wa kike, binti aliniambia, aliwahi kuchukuliwa hatua kwa niaba yake bila kuulizwa, na aliyekuwa akimtisha alikuwa jirani wa mlango wa pili.

Kilichobaki ni mstari wa juu kabisa wa karatasi, ambao ulikuwa mgumu kuliko yote kwa sababu haukututegemea sisi: jina la mtu wa kupigiwa simu saa nane usiku, na wa pili wake asipopokea. Mkubwa wa ofisi aliirudisha rasimu siku chache baadaye akiwa ameandika hapo "uongozi". Binti alimrudishia, kwa adabu, akimwomba aandike namba. Ilikwenda na kurudi, hadi mwishowe mkuu wa vipindi akaweka yake, na namba yangu ikawekwa ya pili kwa makubaliano kwamba nitamwongoza msimamizi, sitaongea na mhusika mwenyewe.

Miezi kadhaa baadaye simu yangu iliita usiku. Binti alisema kuna mwanamke wa Igogo, ametaja usiku huu, amejibu ndiyo, na amemtaja dada yake lakini hana salio la kumpigia. Nilimwambia amwombe namba ya huyo dada na ruhusa ya kumpigia. Alisema alikuwa amekwisha kufanya hivyo. Dada alikuwa njiani kwa bodaboda, na alichotaka kwangu ni kujua aendelee kumwandikia nini mpaka afike. Nilimwambia amuulize kama mlango uko wazi.