Simu ya kwanza ya binti yangu

Binti yangu ana miaka 12, na siku hizi anapanda daladala peke yake kwenda tuisheni Jumamosi. Ndiyo maana nimekubali awe na simu. Nimemnunulia kitochi, WhatsApp yenyewe inataka mtu awe ametimiza miaka 13. Shuleni haiendi, hawaruhusu, na usiku inalala chumbani kwetu. Laini nimesajili kwa jina langu, namba ya siri ya pesa ninayo mimi.

Ninalosisitiza zaidi ni zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii": asijibu, asipige, anionyeshe. Hata akiwa ameshajibu, nimemwahidi simnyang'anyi simu, maana mtoto anayeogopa kunyang'anywa huficha. Simu janja tutaizungumza mwakani.