Siku moja na picha za mbu, na ile namba 23 iliyonishikilia mpaka jioni

Saa 12 na robo asubuhi

Kazi yangu leo imeanzia bafuni kabla hata sijavaa. Mbu katua ukutani pembeni ya kioo, mimi mswaki mdomoni, badala ya kumpiga nikabandika shavu ukutani nimcheki kwa ubavu. Hilo neno ubavu lishike, tutalirudia sana. Tumbo limelala sambamba na ukuta, kichwa kimeinama, mgongo una nundu kama mtu aliyebeba gunia, mabawa hayana doa, miguu ya kahawia tupu. Mbu wa aina ya kuleksi. Ndo nikampiga.

Saa 2

Kwa wasiojua, nahakiki picha za mbu. Wenzetu wa uwandani wanaingia majumbani asubuhi, wakimkuta mbu ametua wanampiga picha ya karibu kwa simu kabla ya kumvuta kwenye kichupa, halafu picha inakuja kwangu na jina alilokisia mpigaji. Mimi nakubali au nabadilisha. Leo kutwa nzima zimeingia 38.

Kitu cha kwanza ni kuwatoa wasio mbu, na humu sipotezi muda. Kuna vidudu vinafanana na mbu kabisa ila havina ule mdomo mrefu wa kuchomea, na vikitua mara nyingi vinanyanyua miguu ya mbele hewani, wakati mbu ananyanyua ya nyuma. Ukikuza picha ukaona mdomo mrefu na magamba madogo madogo kwenye mishipa ya bawa, huyo ni mbu. Sita wameondoka hapo hapo.

Saa 3 na nusu

Mbu wa aina ya aedesi nao hawanichoshi. Weusi, miguu ina pete nyeupe, yaani mguu wa nyuma unapishanisha nyeupe na nyeusi, unaona hata kwenye picha mbovu. Mwili umelala sambamba na ukuta kama kuleksi lakini ncha ya tumbo imechongoka, ya kuleksi ni butu kama imekatwa.

Kosa nililolikuta tena leo ni mtu kuandika anofelesi, yule mbu wa malaria, kisa "mbu ana madoa". Sawa ana madoa, lakini yako wapi? Nyeupe za aedesi ziko miguuni na kifuani, bawa lake ni jeusi tu. Madoa ya anofelesi tunayemtafuta yako kwenye bawa lenyewe, hasa ule ukingo wa mbele. Na ukitaka kujua ni aedesi yupi, miguu haikusaidii maana wale wawili maarufu wote wana pete, inabidi utazame mgongo wa kifua. Akiwa na mstari mmoja mweupe katikati ni albopiktasi, akiwa na mistari miwili ya pembeni iliyopinda kama mikono ya kinubi huyo ni ejipti. Leo mmoja kifua kimekwanguka kabisa, magamba yameisha, kabaki na upara, nikaandika aedesi nikaishia hapo.

Saa 5 kasoro

Sasa namba 23. Mpigaji kaandika `Culex sp.`, yaani kuleksi bila kutaja yupi, na maelezo mafupi: "amelala flati, angalia mwenyewe dada". Nikaangalia na kweli amelala flati. Picha imepigwa kutokea juu, simu imetazamana na ukuta uso kwa uso, mbu yuko katikati kama stempu. Lakini bawa lina mabaka, meusi na ya njano iliyofifia, yamepangana ukingoni.

Hapa ndo watu wengi wanateleza. Kila mtu kafundishwa kwamba anofelesi anatua akiwa ameinua matako, mdomo na kichwa na tumbo vimenyooka kama msumari uliopigwa upande, karibu nyuzi 45 kutoka ukutani. Ni kweli, ila hiyo pembe unaiona ukiwa ubavuni mwake. Ukimpiga kutokea juu pembe inapotea, mbu aliyeinuka na mbu aliyelala wanatoka sawa, labda tu aliyeinuka anaonekana mfupi kidogo. Kwa hiyo kwenye picha ya juu neno "flati" halina maana yoyote, huyo kijana hajaona mkao, kaona mgongo.

Kuna na ile nyingine ya simu kugeuza picha, ukuta ukawa sakafu au dari ikawa ukuta, halafu mtu anapima pembe kwa ukingo wa picha. Pembe inapimwa na kile alichokanyaga mbu, basi. Tafuta nyayo zake kwanza.

Saa 6

Nikaanza kumvuta karibu namba 23. Picha ya karibu sana ina tabia moja ambayo watu wanaiona kasoro, mimi naipenda: fokasi yake ni nyembamba mno, kinachokuwa makali ni tabaka dogo tu, kilicho mbele au nyuma yake kinakuwa ukungu. Nikatazama kichwani, makali. Punje za ukuta zinazozunguka kichwa, makali pia. Nikashuka taratibu mpaka ncha ya tumbo, ukungu. Ncha za mabawa, ukungu mtupu. Punje za ukuta zilizo pembeni ya hiyo ncha? Makali!

Ona sasa. Ukuta wote uko kwenye fokasi, kichwa kiko karibu na ukuta kwa hiyo nacho kiko kwenye fokasi, ila tumbo limetoka nje ya fokasi, maana yake limeinuka kuja upande wa kamera. Angekuwa amelala kweli, kichwa na tumbo vingekuwa na ukali unaokaribiana.

Nilitaka ushahidi wa pili ambao ni kivuli, lakini picha imekatwa kando kando mpaka karibu na mbu. Nikamtumia meseji: "Mdogo wangu naomba ile picha kabla hujaikata." Kimya. Yuko majumbani, simu mfukoni.

Saa 7 na nusu

Nimekula nikiwa nimeshika simu kusubiri jibu, sina la kusimulia.

Saa 8 na dakika 20

Imekuja. Flashi iliwaka kutoka upande wa juu, kwa hiyo vivuli vyote vimeanguka chini. Kivuli cha kichwa kimegusana na kichwa karibu kabisa, lakini kivuli cha ncha ya tumbo kiko mbali, kimejitenga, kuna ukanda wa ukuta wenye mwanga katikati. Kitu kilichoinuka kivuli chake kinakihama, hata kidole chako jaribu. Mkao umeshajibu, huyu kainuka.

Bado nikaenda mdomoni, kwa sababu mkao peke yake siuamini asilimia mia. Kuna anofelesi wa Asia ya Kusini, kulisifasi, anasifika kwa kutua karibu flati kama kuleksi, na kuna anofelesi wengine mabawa yao hayana doa hata moja. Mdomo ni shahidi mzuri zaidi. Pembeni ya mdomo wa mbu kuna vijiti viwili, palpi. Kwa kuleksi na aedesi jike ni vifupi, unaona mdomo mmoja tu umetokeza. Kwa anofelesi jike vina urefu sawa na mdomo wenyewe, kwa hiyo kichwani zinatokeza nyuzi tatu. Kwenye namba 23 nilihesabu tatu, na palpi zina vipete vyeupe.

Hapo hapo kuna mtego, dume la kuleksi nalo lina palpi ndefu! Ndo maana unatazama na vipapasio, vya dume vina manyoya mengi kama brashi ya kusafishia chupa, vya jike ni nywele chache chache. Huyu wetu nywele chache. Jike, bawa lina mabaka, kainuka, nyuzi tatu. Nikafuta `Culex sp.` nikaandika `Anopheles sp.`

Kijana akapiga simu. "Dada, sasa si uandike kabisa gambie tumalize?" Hapana bwana, gambie ni anofelesi mmoja tu kati ya wengi. Miguu ya huyu ina vidoa vidoa vya njano, ndiyo, na kundi la gambie lina miguu ya hivyo, wakati funestasi, anofelesi mwingine, miguu yake ni ya giza na haina vidoa. Kwa hiyo nimeandika kwenye maelezo "inaelekea kundi la gambie". Lakini ndani ya hilo kundi kuna gambie mwenyewe na arabiensisi na ndugu zao, hao hata ukiwaweka chini ya hadubini wanafanana, wanatenganishwa kwa vinasaba maabara. Na hii ni picha. Nikamuuliza mbu mwenyewe yuko wapi, akacheka, "Aliruka dada." Basi imeishia hapo.

Saa 10

Namba 31 imekuja kama vile imetumwa kunijaribu. Kapigwa kutokea juu, bawa lina rangi mbili, na mpigaji yule yule sasa kaandika anofelesi kwa kujiamini, baada ya somo la mchana. Nikafanya safari ile ile. Kichwa makali, ncha ya tumbo makali, kivuli kimemshika mwili mzima kichwa mpaka mkia. Amelala huyu. Nikarudi bawani, na hayo si mabaka. Magamba meupe na meusi yamechanganyika ovyo bawa zima, mapana mapana, kama mtu kamwaga chumvi na pilipili manga. Ya anofelesi yanakaa makundi makundi, baka jeusi, nafasi nyeupe, baka jeusi, na bawa la kushoto linafanana na la kulia. Palpi fupi. Huyu ni mansonia, aina nyingine kabisa ya mbu.

Nilimwandikia kwa upole kabisa maana kosa lenyewe ni la mtu anayejifunza, na mwezi uliopita mimi mwenyewe nilipitisha kuleksi kama anofelesi kisa mng'ao wa flashi ulikuwa umekaa bawani kama doa, bawa moja tu, na sikutazama la pili.

Saa 11 na nusu

Nimefunga na 29 zenye jina, 3 nimeziacha "haijulikani". Moja kati ya hizo tatu mbu alikuwa ameshapigwa na kandambili kabla ya picha, sasa mkao gani nitazame pale.

Kabla ya kutoka nikampigia kijana, nikamwambia kuanzia kesho kila mbu picha mbili, moja ya juu kwa ajili ya bawa na moja ya ubavu, hiyo ya ubavu alaze simu igusane na ukuta kabisa na asikate chochote. Akasema sawa dada.

Saa 2 usiku

Simu imelia. Katuma picha, kasema kampata nyumbani kwake nyuma ya mlango. Ubavu safi, ukuta unaonekana, mkia juu, msumari kabisa. Nikafungua ya pili, ile ya juu, nione bawa. Flashi imeliunguza lote limekuwa jeupe kama karatasi.

Nikamjibu: "Zima flashi, washa taa ya chumba, umpige tena."

"Ameruka dada."