Sufuri Moja Katikati ya Moja

Jana usiku nilikaa mbele ya osiloskopu hadi saa saba, nikiitazama ncha moja nyembamba iliyojitokeza kila ishara ilipopanda. Leo nimeielewa, na ninataka kuiandika ingali mbichi kichwani.

Nilikuwa ninaunda kigeuzi cha flashi cha biti 3, yaani saketi inayogeuza volti ya ishara kuwa namba ya binari. Rezista 8 zinazolingana zimepangwa mfululizo chini ya volti 5, hivyo kila ngazi ina volti 0.625, na katika kila kiungo kuna komparata inayoilinganisha ishara na volti ya ngazi yake. Komparata ni 7, kutoka chipu mbili za LM339, ambazo nimezilisha volti 12 ili ngazi za juu zisitoke nje ya upeo wa viingilio vyake. Matokeo yake huvutwa hadi volti 5 kwa rezista ya nje. Ishara ikiwa volti 2.7, komparata nne za chini hutoa 1 na tatu za juu hutoa 0. Huo ndio msimbo wa kipimajoto: moja zinapanda kama zebaki, kisha zinakoma.

Kazi ya enkoda ni kutafuta zinapokomea. Nilitumia njia ya kawaida, yaani lango la NA kwa kila ngazi, linalowaka pale tu ngazi hiyo ina 1 na ile ya juu yake ina 0. Lango lililowaka huandika namba yake ya binari kwenye nyaya tatu za pamoja kupitia milango ya AU. Njia hii inategemea sharti moja, kwamba lango moja tu ndilo litakalowaka.

Kwa ishara ya polepole sharti hilo halikuvunjika hata mara moja. Nilipoingiza wimbi la pembetatu la kilohezi 10, matokeo yalipopanda yalisoma 2, kisha 6, kisha 4. Hiyo 6 ilidumu takriban mikrosekunde mbili. Nilihamisha kipimio kutoka komparata moja hadi nyingine, nikakuta ya tatu inapanda kwa kujikokota, kwa sababu nilikuwa nimeiwekea rezista ya kiloomu 100 mahali pa kiloomu 10. Kwa hiyo ya nne ilifika juu kabla yake, na kwa muda huo mfupi msimbo ulikuwa hivi, T1 ikiwa komparata ya chini kabisa na T7 ya juu kabisa:

```
T7 T6 T5 T4 T3 T2 T1
 0  0  0  1  0  1  1
```

Sufuri iliyo kwenye T3 huitwa kiputo. Lango la 2 liliwaka kwa sababu T3 ilikuwa 0, na lango la 4 likawaka kwa haki yake. Nyaya za pamoja zikaunganisha 010 na 100, zikatoa 110, yaani 6. Jambo hili lilinigusa sana: komparata moja ilikuwa imechelewa kwa ngazi moja tu, lakini enkoda ikatoa namba ambayo hakuna lango lililoitaja.

Ningeweza kubadilisha rezista na kwenda kulala. Lakini katika kigeuzi cha biti 8 chenye upeo wa volti 1, ngazi ni kama milivolti 4, na tofauti ndogo za kuzaliwa za komparata, au mapigo ya saa kuzifikia kwa nyakati tofauti, hutosha kuleta kiputo bila fundi kukosea rangi yoyote. Kwa hiyo niliiacha rezista mbovu mahali pake, nikairekebisha enkoda.

Kwanza nilitumia milango yenye viingilio vitatu, inayodai sufuri mbili juu ya moja: `T2 & ~T3 & ~T4`. Lango la 2 lilizimika kwa sababu T4 ni 1, likabaki la 4. Nilifurahi, ila kwenye karatasi niliona kwamba kiputo kipana, kama 0010011, kinaipita kinga hiyo: lango la 2 na la 5 yote yanawaka, na jibu ni 7.

Kisha nikaacha kabisa kutafuta mpaka, nikahesabu moja zote zilipo. Vijumlishi kamili vinne, kila kimoja kikijumlisha biti tatu na kutoa salio na kibebwa, vinatosha: viwili hupokea T1 hadi T6, cha tatu hujumlisha salio zao pamoja na T7, na cha nne hujumlisha vibebwa vitatu. Kiputo kile sasa kinahesabiwa 3, na matokeo yanapanda 2, 3, 4. Gharama yake ni ukubwa na ucheleweshaji, maana kwa biti 8 vijumlishi huwa 247.

Jioni ya leo, baada ya kuiona ngazi hiyo ikipanda bila ncha kwa nusu saa nzima, ndipo nilipoing'oa rezista ya kiloomu 100.